Simu mbili kwenye spika moja: zamu ya nyimbo, na nini hutokea mtu akipigiwa

Spika ya blututhi inayoshika simu mbili kwa wakati mmoja haina foleni ya nyimbo ndani yake. Ukilishika hilo, mambo mengi yatakayokusumbua siku ya sherehe yataeleweka yenyewe. Foleni imo ndani ya simu, kwenye programu ya muziki, na simu mbili zina foleni mbili ambazo hazijuani. Wimbo wa simu yangu ukiisha, simu yangu inaanza wimbo wangu unaofuata. Haiulizi kama shemeji aliye upande wa pili wa hema ameweka wake na anasubiri. Spika nayo inapokea sauti kutoka simu moja tu kwa wakati mmoja, na inachoamua ni kimoja: ni ya nani.

Nimeandika hatua hizi baada ya kushughulikia muziki kwenye utambulisho wa mpwa wangu hapa Busia, upande wa Uganda. Tulikuwa na spika moja na simu mbili za Android. Shemeji alikuwa na nyimbo za Kikongo, mimi nilikuwa na kadongo kamu na taarabu kidogo kwa ajili ya wazee. Wageni walitoka Jinja na Tororo, wengine wakavuka kutoka upande wa Kenya, na kila aliyeshuka kwenye teksi alipiga kuuliza njia. Kwa hiyo tulikutana na kila hali: zamu za nyimbo, simu inayoita katikati ya wimbo, na simu inayoita kwa yule ambaye hata hachezi muziki.

Hatua ya kwanza: hakikisha spika inashika simu mbili kweli

Fanya hivi siku moja kabla, nyumbani, pakiwa kimya. Washa spika uunganishe simu ya kwanza. Ianze kucheza wimbo, kisha uisimamishe. Sasa bonyeza tena kitufe cha blututhi kilicho kwenye spika mpaka taa ianze kumeta, halafu uunganishe simu ya pili. Rudi kwenye simu ya kwanza, fungua ukurasa wa `Bluetooth`, uangalie chini ya jina la spika. Ikiwa imeandikwa `Connected` kwenye simu zote mbili, uko sawa.

Baadhi ya spika huiachia simu ya kwanza pale unapotafuta ya pili, hata kama zinaweza kushika mbili. Ukiona hivyo, usikate tamaa haraka. Gusa jina la spika kwenye simu ya kwanza ili iunganike tena, kisha utazame ya pili. Zote zikibaki, ni nzuri. Moja ikitoka kila mara nyingine inapoingia, spika yako ni ya simu moja, na hakuna mpangilio wa kwenye simu utakaoibadilisha.

Angalizo moja kuhusu maandishi ya kwenye boksi. Spika nyingi zinazouzwa maduka ya mtaani zimeandikwa `TWS`. Hiyo maana yake ni spika mbili kuchezeshwa na simu moja, ambayo ni kinyume kabisa cha tunachotafuta hapa. Nimeona watu wakinunua kwa kusoma herufi hizo wakidhani ndizo.

Hatua ya pili: jua spika yako inagawa zamu vipi

Hapa spika hutofautiana, na ni lazima ujaribu mwenyewe kwa sababu karatasi ya maelezo mara nyingi haisemi. Chezesha wimbo kwenye simu ya kwanza. Ukiendelea kusikika, bonyeza cheza kwenye simu ya pili bila kuisimamisha ya kwanza. Subiri sekunde tano, usikilize.

Ikiwa wimbo wa kwanza unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, una spika ya kushikilia. Aliyeanza ndiye mwenye spika mpaka asimamishe mwenyewe. Simu ya pili inaweza kuonyesha wimbo unatembea, dakika zinasogea, lakini hakuna sauti popote. Nyingine hujisimamisha baada ya muda mfupi.

Ikiwa wimbo wa pili unaingia na wa kwanza unakatika, una spika ya kupokonya. Anayebonyeza mwisho ndiye anayesikika. Hapa tazama jambo la pili, ambalo watu hulipita: angalia kioo cha simu ya kwanza. Spika iliyotengenezwa vizuri inaitumia simu ya kwanza amri ya kusimama, nawe utaona alama ya kusimamishwa. Ile isiyotuma amri inaacha simu ya kwanza iendelee kucheza bila kusikika. Ukirudishiwa spika baada ya dakika tatu, unakuta wimbo wako uliousubiri umeshapita na uko katikati ya mwingine. Watu husema simu imeruka nyimbo. Haikuruka. Ilizicheza zote, ila sauti haikupewa nafasi.

Kwa aina zote mbili, njia salama ya kupokezana ni moja. Mwenye zamu asimamishe wimbo kwenye simu yake, zipite kama sekunde tatu au nne, ndipo wa pili abonyeze cheza. Sekunde hizo si za adabu tu. Simu ya Android ikisimamisha wimbo haifungi njia ya sauti papo hapo. Huiacha wazi kwa sekunde chache, na spika ya kushikilia bado inaamini mwenye zamu yupo. Ndiyo sababu mtu anabonyeza, anaona kimya, anabonyeza tena, na kumbe kubonyeza kwa pili kumeusimamisha wimbo wake mwenyewe.

Kuna pia kupokonya kusikokusudiwa. Simu ya pili ikiwa imekaa tu mfukoni na ujumbe wa WhatsApp ukaingia, mlio wake nao ni sauti, nao unapelekwa kwenye spika. Kwa spika ya kupokonya, mlio huo wa nusu sekunde unatosha kuukata wimbo wa simu ya kwanza, halafu spika inabaki kimya ikisubiri mengine kutoka simu ya pili. Ukiona muziki unakatika bila sababu kila baada ya dakika chache, usilaumu betri kwanza. Mwombe mwenye simu ya pili aizime milio, uone kama tatizo linaisha.

Upande wa spika ya kushikilia, mtego uko kwingine. Simu inayocheza nyimbo moja kwa moja kutoka mtandaoni ikikwama kwa sababu bando limeisha au mtandao ni mzito, sauti inakauka, spika inaona nafasi, na simu ya pili iliyokuwa ikicheza kimyakimya inaingia ghafla katikati ya wimbo. Kwa hiyo anayesubiri zamu asiache wimbo wake ukitembea. Auandae, ausimamishe mwanzoni kabisa, asubiri.

Hatua ya tatu: jaribu kupigiwa simu

Sauti ya muziki na sauti ya mazungumzo hupita njia mbili tofauti kutoka simu hadi spika. Njia ya muziki kwenye karatasi ya maelezo huitwa `A2DP`, na ya mazungumzo huitwa `HFP`. Ya mazungumzo ndiyo yenye kipaumbele: ikifunguka, ya muziki inafungwa, hata kama muziki unatoka simu nyingine. Spika isiyo na maikrofoni kwa kawaida haina njia ya mazungumzo kabisa. Kwa mfano, JBL Charge 3 ilikuwa na maikrofoni ya kupokelea simu, lakini Charge 4 iliyofuata haikuwa nayo. Zote zinafanana kwa umbo na zote hukubali simu zaidi ya moja, ila mtu akipigiwa hazifanyi kitu kimoja.

Kwa jaribio hili utahitaji simu ya tatu ya kupigia. Chezesha muziki kwenye simu ya kwanza, kisha upige simu ya pili, ile isiyocheza. Kwa spika yenye njia ya mazungumzo, muziki wa simu ya kwanza utakatika na mlio utasikika kwenye spika. Ukipokea kwa kitufe cha cheza kilicho kwenye spika, maneno ya mpigaji yatatoka hapo hapo, kwa ukumbi mzima. Sauti itakuwa nyembamba, kama ya redio ndogo ya zamani, kwa sababu njia ya mazungumzo hubeba sauti finyu kuliko ya muziki. Wembamba huo si ubovu wa spika.

Kata simu, kisha utazame kinachofuata. Ama muziki wa simu ya kwanza utarudi wenyewe pale ulipoishia, ama utarudi ukiwa umesogea mbele, ama utabaki kimya mpaka ubonyeze cheza. Andika jibu mahali, maana ndilo litakalokuongoza siku yenyewe. Rudia jaribio bila kupokea, uiache iite mpaka ikome. Spika nyingine hurudisha muziki baada ya simu iliyopokelewa lakini si baada ya ile iliyoachwa.

Sasa pigia simu ya kwanza, ile inayocheza. Hapa kimya kina chanzo kingine. Anayesimamisha muziki ni simu yenyewe, haijalishi spika ni ya aina gani. Simu ikiita, inaiambia programu ya muziki inyamaze kwanza, na mazungumzo yakiisha inairuhusu iendelee. Hata kwa spika isiyo na maikrofoni, wimbo utakatika, na utazungumza kwa kuweka simu sikioni kama kawaida.

Kwa maneno mengine, kuna kimya kinacholetwa na spika na kimya kinacholetwa na simu, na dawa zake ni mbili tofauti. Watu wengi hutibu kimoja wakadhani wametibu vyote.

Hatua ya nne: panga simu zako kabla ya wageni

Anza na simu ya pili, inayosubiri. Kwenye Android, nenda kwenye mipangilio ya `Bluetooth`, gusa alama ya gurudumu iliyo kando ya jina la spika, na utaona swichi. Moja ni `Media audio`, nyingine ni `Phone calls`. Kwenye Samsung huandikwa `Audio` na `Calls`. Zima ya simu, acha ya muziki. Kuanzia hapo simu hiyo haina njia ya mazungumzo na spika. Akipigiwa, mazungumzo yatakuwa sikioni mwake, na spika haitaambiwa kuna anayepiga. Kama swichi ya simu haionekani kabisa, spika yako haina njia hiyo na huna la kuzima.

Kisha zima mlio wa simu hiyo na milio ya ujumbe. Fanya yote mawili pamoja. Ukizima mlio tu bila swichi ya `Phone calls`, spika nyingine zina mlio wao wenyewe: simu inazipa taarifa kwamba kuna anayepiga, nazo zinaita kwa sauti yao ingawa simu iko kimya. Ukizima swichi tu bila mlio, mlio wa simu unaweza kupitia njia ya muziki na ukaukata wimbo wa mwenzako.

Mwenye aifoni hatakuta swichi hiyo. Anachoweza ni kuingia `Settings`, kisha `Accessibility`, `Touch`, `Call Audio Routing`, na kuchagua `Speaker`, ambayo hapa ina maana ya kipaza sauti cha simu yenyewe. Mazungumzo yataanza kwenye simu, naye anaweza kuyahamishia sikioni kwa kugusa alama ya sauti. Jaribu na spika yako kabla ya siku, kwa sababu mpangilio huu unaelekeza sauti ya simu iliyopokelewa, na spika bado inaweza kupata taarifa ya mlio.

Simu ya kwanza, inayocheza, ina dawa moja ya uhakika: isipigiwe. Pakua nyimbo ziwe ndani ya simu, washa `Airplane mode`, kisha hakikisha blututhi bado imewaka. Kama imejizima, iwashe tena. Muziki utaendelea saa nzima bila kuguswa. Usiwashe waifai hapo, maana simu za WhatsApp zitapita. Kama huwezi kuifunga simu kwa sababu unategemewa na watu, basi simu yako haifai kuwa ya muziki, na ni bora kuliamua hilo mapema.

Mwisho wa maandalizi, linganisha sauti. Chezesha wimbo mmoja ule ule kwenye simu zote mbili kwa zamu, na uongeze au upunguze kwenye simu yenyewe mpaka zikaribiane. Kila simu hukumbuka kiwango chake cha sauti kwa spika hiyo, na bila kulinganisha, kila mapokezano yatawashtua wazee au yatawafanya wasikie kwa shida.

Jinsi ilivyokwenda Busia

Spika yetu ilikuwa ya kupokonya, yenye maikrofoni, na haikutuma amri ya kusimama kwa simu iliyopokonywa. Muziki wa kwanza ulikuwa wangu. Simu ya shemeji ilikuwa imeunganishwa ikisubiri, naye ndiye aliyekuwa akiwaelekeza wageni. Wakati huo hatukuwa tumezima kitu.

Mgeni wa kwanza alipopiga, taarabu ilikatika na mlio ukajaa hemani. Shemeji alikuwa mbali akipanga viti, hakuusikia kama ni wake. Kijana mmoja alibonyeza kitufe cha spika akidhani anarudisha muziki, na hapo simu ikapokelewa. Mama mkwe mtarajiwa, mbele ya watu wote, akasikika akimwambia shemeji kwamba mchango wa usafiri haukutosha na wawili wamebaki Tororo. Hakuna aliyekosea. Kitufe kilikuwa kile kile cha kusimamisha na kuendeleza muziki, na wakati simu inaita kinageuka kuwa cha kupokea. Lakini ilituuma, kwa sababu lile lilikuwa neno la ndani lililopaswa kufika sikio moja tu.

Simu ilipokatwa, muziki wangu ulirudi, ila ukiwa wimbo wa mbele yake. Nilikuwa nimemwekea bibi wimbo mahususi, na ulichezwa wote bila kusikika wakati mazungumzo yakiendelea. Niliurudisha mwanzo kwa mkono.

Tulichofanya baada ya hapo kilichukua kama dakika mbili. Shemeji alizima `Phone calls` kwenye simu yake na kuzima milio yote, akaiweka mkononi badala ya mezani ili aone kioo kikiwaka. Mimi niliweka simu yangu `Airplane mode`, nyimbo zikiwa tayari ndani. Kisha tukakubaliana juu ya zamu: nyimbo tano zangu, nyimbo tano zake, na mwenye zamu ndiye anayesimamisha kwanza na kuinua mkono. Akiona mkono, mwenzake anahesabu mpaka nne, anabonyeza.

Ugumu ukaja zamu ya shemeji ilipofika, kwani sasa simu inayocheza ndiyo iliyokuwa ikipigiwa. Kila mgeni aliyepiga aliukata wimbo, safari hii kwa sababu simu yenyewe ilinyamazisha muziki wake alipopokea. Swichi tuliyoizima haikuweza kusaidia hapo, ingawa ilizuia maneno yasisikike. Suluhisho lilikuwa nje ya spika: alimtumia dada yake namba za wageni waliobaki njiani, akawapa namba ya dada, naye akafunga simu yake kama nilivyofunga yangu. Kuanzia saa nane mchana mpaka chakula kilipokwisha, wimbo haukukatika tena kwa sababu ya simu.

Kulikuwa na tatizo moja lililobaki ambalo mwanzoni sikulielewa. Muziki wangu ulikuwa ukikwaruza kila shemeji alipotoka kwenda barabarani kupokea watu. Spika inagawa muda wake wa redio kati ya simu mbili, hata ile isiyocheza. Simu ya pili ikifika ukingoni mwa umbali wake, ambao kwa vifaa vingi ni kama mita 10 na hupungua zaidi pakiwa na watu wengi katikati, spika inahangaika kuitafuta na muziki wa simu ya karibu unaumia. Dalili yake ni kwamba mkwaruzo unaanza mtu anapoondoka na unaisha akirudi au akitoweka kabisa. Anayeondoka azime blututhi yake kwanza, kisha aiwashe akirudi.

Baada ya sherehe

Usiizime spika tu ukaondoka. Spika inakumbuka simu zilizounganishwa nayo, na inapowashwa huzitafuta zile za mwisho. Shemeji alilala kwetu usiku ule, na asubuhi dada alipowasha spika asikilize habari, simu ya shemeji chumba cha pili ilijiunga yenyewe bila yeye kujua. Mgeni aingie `Bluetooth` kwenye simu yake, aguse gurudumu la jina la spika, achague `Forget` au `Unpair`. Kama tayari ameondoka, fungua kijitabu cha spika yako uangalie vitufe vya kufuta kumbukumbu yake, kwa kuwa vinatofautiana kati ya modeli na modeli, kisha uunganishe upya simu ya nyumbani peke yake.